Ajenti wa Nairobi ananitaka, mimi niko Amu: naulizaje kuhusu gharama za kuhama na kufanyia kazi huku huku?

bintiLangoni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni mhasibu, nafanya kazi kwenye hoteli moja hapa Lamu. Wiki hii ajenti wa ajira ameniandikia LinkedIn, kisha tukahamia WhatsApp. Anamtafutia mteja wake mhasibu mwandamizi. Mteja ni kampuni ya kusafirisha mizigo, ofisi ziko Nairobi. Mshahara aliotaja ni kati ya 110,000 na 130,000 kabla ya makato. Ajenti ni mtu wa Mombasa, kwa hivyo tunaandikiana Kiswahili. Ameniambia nimtumie wasifu "na lolote ungependa mteja ajue".

Nina mambo mawili. La kwanza ni kuhama: nitatoka kisiwani na vyombo, nitafute nyumba, nilipe dipoziti. La pili, kazi yenyewe sehemu kubwa ni kompyuta, na sioni kwa nini nisiifanye nikiwa huku angalau nusu ya mwezi. Nimeandika hivi, sijatuma bado:

> "Asante kwa kunifikiria. Kabla hatujaendelea ningependa kujua kama kampuni italipia kuhama kwangu kutoka Lamu pamoja na nyumba Nairobi, kwani gharama ni kubwa na sina uwezo. Kama haiwezekani, basi nifanye kazi nikiwa Lamu. Naomba jibu mapema ili nijue kama nitume wasifu."

Semeni bila kunionea haya.

Tajiri_wa_Mpeketoni

Usimwambie uko Lamu kabisa. Kwenye wasifu andika Nairobi. Mimi niliweka anwani ya binamu yangu wa Umoja, nikaitwa kwenye usaili ndani ya wiki. Ukishapata kazi ndipo mambo ya kuhama. Hawa maajenti wanachuja kwa mahali, ukiwa mbali hata hawakuoni.

Mwanamalindi_K

Waaleikum salaam dada. Nimekuwa ajenti Mombasa miaka kadhaa kabla sijarudi Malindi, kwa hivyo nitakuambia huyo ajenti atakavyousoma ujumbe huu.

Kwanza elewa analipwa na nani. Analipwa na kampuni, na analipwa ukishaajiriwa. Mikataba mingi ina kipindi cha dhamana, mara nyingi miezi mitatu: ukiacha kazi ndani ya muda huo, ajenti anatafuta mtu mwingine bure au anarudisha sehemu ya malipo. Sasa yeye akisoma "sina uwezo" halafu "nifanye kazi nikiwa Lamu", anaona mtu ambaye atafika Nairobi, mwezi wa pili apate hamu ya nyumbani, na hasara iwe yake. Swali la pesa halimtishi sana, kwani pesa si zake. Anachohofia ni kwamba hujaamua.

Jambo la pili ni kwamba hana bajeti ya kuhamisha mtu. Atachukua maneno yako ayapeleke kwa kampuni, na mara nyingi hayapeleki kwa mdomo. Anayanakili kama yalivyo, anayabandika kwenye barua pepe chini ya wasifu wako. Kwa hivyo andika ukijua kwamba msomaji wa mwisho ni meneja wa fedha ambaye hajawahi kukuona. Soma tena rasimu yako kwa jicho la huyo meneja.

La tatu ndilo kubwa. Umechanganya swali na ombi. "Kazi hii inafanyiwa wapi?" ni swali. Jibu lipo tayari, na unalihitaji sasa kwa sababu linaamua kama uendelee au la. "Mnilipie kuhama" ni ombi. Wakati wa kutaja kiasi ni pale watakapokuwa wamekutaka, na leo hawajaona hata wasifu wako. Kwa sasa uliza tu kama kampuni ina utaratibu wowote kwa anayehamia Nairobi. Akisema upo, utajua mlango uko wazi. Akisema haupo, utajiandaa kuuzungumza mwenyewe baadaye, na hutakuwa umemshtua mtu.

Tena umeziweka mbili hizo kama "hii au ile". Ukisema "kama hamlipi, nibaki Lamu", umemwambia kwamba kufanya kazi ukiwa mbali si jambo ulilolifikiria kwa faida ya kazi, ni njia ya kukwepa gharama. Tenganisha.

Mwanamalindi_K

Halafu kwa Tajiri: ilikufaa, sikatai. Lakini huyu dada ameshapatikana na LinkedIn yake inasema Lamu. Ajenti anajua. Akiona wasifu unasema Nairobi, ataanza kujiuliza nini kingine si kweli humo.

Tajiri_wa_Mpeketoni

Sawa kwa huyu. Kwa wengine wote mimi nasimama palepale.

shangazi_wa_Watamu

Mwanangu, mimi nafanya kazi ya mbali mwaka wa nne sasa. Najibu wateja kwa Kiitaliano kwa niaba ya kampuni iliyo Milano, niko Watamu nyumbani kwangu. Saa si tatizo, wao wako nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto. Ila uwe macho: tangazo likisema "popote", uliza popote gani. Mara ya kwanza nilipoomba, popote ilikuwa popote ndani ya Umoja wa Ulaya. Na hawakuniajiri, nina mkataba wa huduma tu. Likizo ya kulipwa hakuna, kodi nawasilisha mwenyewe. Kwa hiyo muulize huyo ajenti kama utakuwa mwajiriwa au la.

bintiLangoni

Ahsante shangazi, lakini hii ni kampuni ya Kenya, ni ajira ya kawaida. Shida yangu ni umbali tu.

shangazi_wa_Watamu

Aa, nilidhani ni ya nje. Basi una nafuu, mishahara yao tayari inapitia KRA na NSSF za hapa hapa, uwe Lamu uwe Lodwar. Wakikukatalia, sababu itakuwa ni meneja, haiwezi kuwa sheria.

Wakili_wa_Baraza

Mbona mnamfundisha kuomba haki yake? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi nyumba. Wamwitaye Nairobi wamlipie nyumba na kuhama. Amwandikie hivyo ajenti, ataje kifungu.

Mwanamalindi_K

Wakili, kifungu kipo na umekisoma nusu. Kinasema mwajiri atoe makazi yanayofaa au alipe pesa za kutosha kodi ya nyumba, na hapo hapo kinakubali mshahara uliounganishwa ambao tayari una fungu la nyumba ndani yake. Kampuni nyingi ndivyo zinavyolipa, na hiyo 110,000 bila shaka imehesabiwa hivyo. Kuhusu lori, mashua na dipoziti hakisemi kitu. Na mtu akiniandikia vifungu kabla ya usaili, mimi kama ajenti ningempigia simu aliye wa pili kwenye orodha yangu.

Kifungu kitakachomfaa ni cha 10. Mkataba wa maandishi lazima utaje mahali pa kazi, na kama ni mahali zaidi ya pamoja, useme hivyo. Wakikubaliana naye siku za kufanyia kazi Lamu, ziingie humo. Ahadi ya WhatsApp kutoka kwa ajenti haimfungi mteja.

Wakili_wa_Baraza

Mshahara uliounganishwa una kesi zake mahakamani, tusiufanye kama jambo lililokwisha. Lakini hilo la kifungu cha 10 nakubali.

bintiLangoni

Nimeelewa la kutenganisha. Sasa kwenye hilo la kubaki huku nusu ya mwezi, naliingizaje bila kuonekana nakimbia kuhama?

Mwanamalindi_K

Wewe ni mhasibu, kalenda ya kazi unaijua kuliko huyo ajenti. Niambie, siku gani za mwezi mtu lazima awe ofisini?

bintiLangoni

Kufunga hesabu za mwezi, yaani siku za mwisho na za kwanza za mwezi. PAYE inaingia tarehe 9, VAT tarehe 20, lakini hizo zote ni iTax, nazifanya popote penye mtandao. Kuhesabu stoo inataka miguu. Hundi za kusaini, kama wanazo bado. Na wakaguzi wakija.

Mwanamalindi_K

Basi umejijibu. Usiseme "nusu ya mwezi Lamu". Utakapokuwa kwenye usaili na meneja wa fedha, mwambie: kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 9 niko ofisini kila siku, siku za wakaguzi niko ofisini, na katikati ya mwezi kazi ya kulinganisha hesabu za benki na kuandaa VAT naweza kuifanya nikiwa nje. Huyo ni meneja wa fedha, hesabu ya namna hiyo anaielewa mara moja. Hiyo ni ya usaili lakini. Kwenye ujumbe wa leo uliza utaratibu ukoje, kisha ongeza swali moja: je, katika idara ya uhasibu kuna anayefanya hivyo kwa sasa? Hili swali ndilo linalotoa ukweli. Ajenti yeyote atakuambia "wanalegeza, mtazungumza". Lakini kama kwenye idara hakuna hata mmoja anayekaa nje ya ofisi, usitarajie wewe mgeni utakuwa wa kwanza.

Jingine, taja mtandao na stima bila kuulizwa, ukifika usaili. Mtu wa Nairobi akisikia Lamu anafikiria punda na jahazi.

MkaaFaza

Punda na jahazi tunavyo na Starlink pia tunayo 😄 Bi Langoni, umeshapiga hesabu ya kuhama kwenyewe? Nilipohamia Mombasa, mizigo kutoka Faza hadi Mokowe tu ilinitoa jasho, na bado hujapanda lori.

bintiLangoni

Nimepiga kwa juu juu. Kodi ya mwezi wa kwanza 30,000, dipoziti 30,000, mizigo 40,000 (mashua mpaka Mokowe, hamali pande zote mbili, nafasi kwenye lori), nauli yangu na siku za mwanzo 10,000. Jumla 110,000. Ndiyo nilitaka kuwaomba.

Mwanamalindi_K

Usiwaombe 110,000 hivyo, kwa sababu mbili.

Wakikupa pesa taslimu kwenye mshahara, inahesabiwa kuwa mapato ya ajira. Kwa mshahara wako kila shilingi ya ziada inaangukia kwenye asilimia 30 ya PAYE, na SHIF inachukua asilimia 2.75 yake. Katika kila 100,000 utashika kama 68,000. Hiyo 110,000 itafika mkononi kama 75,000, na lori halijui mambo ya kodi. Ili ushike 110,000 kamili ingebidi wakupe zaidi ya 160,000, na hapo meneja atakunja uso.

Sababu ya pili ni dipoziti. Si gharama, ni pesa yako iliyolala kwa mwenye nyumba, na meneja wa fedha ataliona hilo kabla hujamaliza sentensi. Kodi ya mwezi wa kwanza nayo ungeilipa tu. Kwa hiyo igawe: mizigo na nauli, 50,000, ndiyo msaada wa kuhama. Hizo 60,000 za nyumba ziombe kama advansi ya mshahara, zikatwe kwa awamu, tuseme 10,000 kwa miezi sita. Ombi la 50,000 na advansi linapita kwenye kampuni ambayo ingelikataa la 110,000. Tena hawa ni watu wa mizigo, malori ni yao. Huenda ikawa rahisi kwao kukutumia gari kuliko kukupa shilingi.

Wakili_wa_Baraza

Wakilipa lori wao wenyewe moja kwa moja, hakuna kodi kabisa.

Mwanamalindi_K

Hapo mimi singesema "kabisa". Anachokulipia mwajiri kwa matumizi yako mwenyewe kinaweza kuhesabiwa kuwa manufaa ya ajira. Wahasibu niliofanya nao kazi walikuwa wanatofautiana, wengine wanakata, wengine wanasema ni gharama ya kampuni. Waulize wanaoandaa mishahara pale pale kabla ya kusaini.

bintiLangoni

Mimi ningekata 🙈 lakini najua wenzangu ambao wasingekata.

MkaaFaza

Na kurudisha je? Mimi walinipa pesa ya kuhama, nikaondoka kabla ya mwaka, wakaidai yote.

Mwanamalindi_K

Ndiyo, karibu kila anayelipa ataweka sharti hilo, na si baya likiandikwa vizuri. Cha kuomba ni lipungue kila mwezi. Kwa 50,000 na sharti la miezi 12, ukiondoka baada ya miezi minane unadaiwa theluthi moja, kama 16,700. Lisipoandikwa hivyo utadaiwa yote hata ukiondoka mwezi wa kumi na moja. Na liseme kwamba wakikuachisha wao, hudaiwi. Mkaa, barua yako ilisema nini juu ya kupungua?

MkaaFaza

Ilisema "atarejesha". Basi.

bintiLangoni

Nimeandika upya. Nitaituma leo jioni kama hakuna mwenye neno:

> "Asante kaka. Wasifu wangu nimeuambatanisha. Kwa sasa naishi Lamu na niko tayari kuhamia Nairobi. Notisi yangu ni ya mwezi mmoja, na naweza kuanza kazi wiki mbili baada ya notisi kwisha. Nina maswali mawili ya kumfikishia mteja. La kwanza, kazi hii inafanyiwa ofisini siku zote, au kuna utaratibu wa baadhi ya siku kufanyia nje ya ofisi? Na je, katika idara ya uhasibu kuna anayefanya hivyo kwa sasa? La pili, kampuni ina utaratibu wowote wa kumsaidia mfanyakazi anayehamia Nairobi kutoka kaunti nyingine? Kiasi na namna tunaweza kuzungumza baada ya usaili. Usaili wa kwanza naweza kuufanya kwa video siku yoyote ya wiki hii."

Mwanamalindi_K

Tuma. Hiyo tarehe ya kuanza ndiyo itakayomtuliza. Na hilo la video limemwondolea swali la nani atalipia tiketi ya ndege ya Manda.

Tajiri_wa_Mpeketoni

Mrefu mno. Ajenti anasoma mistari miwili.

shangazi_wa_Watamu

Anasoma miwili akiwa na watu mia. Huyu amemtafuta mwenyewe.

bintiLangoni

Amejibu. Nabandika sehemu inayohusika:

> "Nimewapelekea kama ulivyoandika. Wanasema muda wa majaribio, miezi sita, ni ofisini siku zote tano. Baada ya hapo siku za nje zitafikiriwa. Kwenye uhasibu yuko mmoja, anafanyia Nakuru wiki moja kila mwezi. Kuhusu kuhama hawana utaratibu ulioandikwa, ila kuna mtu waliyemleta kutoka Kisumu na walimtumia gari lao. Usaili ni Alhamisi kwa video."

Naona si vibaya?

Wakili_wa_Baraza

Si vibaya hata kidogo. Baada ya miezi sita siku za nje ni haki yako, wamekiri kwa maandishi.

Mwanamalindi_K

Hawajakiri chochote, wamesema "zitafikiriwa", tena kupitia kwa mtu wa tatu. Lakini mtu wa Nakuru ni habari njema sana. Alhamisi usiulize tena kama inawezekana. Uliza wa Nakuru anafanyaje kazi yake: anakaa wiki ipi, nani anasimamia stoo akiwa hayupo. Meneja akijibu vizuri, wakikupa ofa omba sentensi moja kwenye barua: mpango wa mahali pa kazi utaangaliwa upya mara muda wa majaribio ukiisha, kwa utaratibu kama uliopo idarani. Hiyo haiwalazimishi kukubali. Inawalazimisha kukaa na wewe mezani kwa tarehe inayojulikana, na kwa kampuni isiyo na utaratibu ulioandikwa sidhani kama utapata zaidi.

Tajiri_wa_Mpeketoni

Miezi sita ni mingi. Mimi ningeomba mitatu.

Mwanamalindi_K

Anaweza kuomba. Miezi sita ndiyo ukomo wa kisheria wa majaribio ya mwanzo, na wameenda hadi ukomoni, kwa hivyo nafasi ya kushuka ipo. Ila mimi ningeokoa pumzi kwa ajili ya gari.

bintiLangoni

Gari lao likija, litaishia Mokowe. Kipande cha Amu hadi Mokowe ni juu yangu?

MkaaFaza

Hicho wataje waziwazi, maana mtu wa Nairobi hajui kwamba lori halifiki mlangoni kwako. Kama gari lao litakosekana, tafuta lori lililoleta bidhaa Mokowe linalorudi Nairobi likiwa tupu, utalipa kidogo. Nina namba ya dereva mmoja, nitakutumia faraghani.

bintiLangoni

Huyo dereva ana risiti ya eTIMS? Maana bila hiyo meneja wa fedha hatanirudishia hata senti, na mimi ningekuwa yeye nisingerudisha.

MkaaFaza

Hahaha, dereva wa lori la nyanya na eTIMS! Ana daftari.

bintiLangoni

Basi wanitumie gari lao. Alhamisi nitaleta habari.